Jina la Kwenye Pochi ya Simu

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Shule niliachia darasa la sita na sijawahi kumficha mtu. Nalisema mapema ili ukifika katikati usiniulize kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilifanya kwa sababu nilidhani najua.

Mke wangu, Mama Pacha, alimaliza sekondari. Mwaka jana alianza kufanya kazi na watu wa nje kupitia mtandao. Kuna watafiti huko mbali wanaorekodi watu wakiongea Kiswahili, halafu wanatafuta mtu wa kusikiliza na kuandika kila neno, na pembeni aweke tafsiri. Basi anavaa visikilizio, anakaa kwenye kona ya chumba chetu karibu na dirisha, na meza yake ni ubao niliomfungia kwenye miguu ya kitanda kibovu, na kiti ni benchi la chuma nililomchomelea. Dakika kumi za mazungumzo zinamla saa nzima. Mara nyingine anacheka peke yake, ukimuuliza anasema kuna mzee humo ndani anamsema vibaya mkwe wake.

Kwanza niliwaita matapeli. Nani anakulipa dola kwa kusikiliza watu wakipiga soga? Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza pacha hesabu. Mteja hampi yeye pesa mkononi. Kabla kazi haijaanza, mteja anaiweka kwenye tovuti, nayo tovuti inaishika. Mteja hawezi kuichomoa akijisikia, na mke wangu hawezi kuigusa. Akituma kazi, mteja ana siku kumi na nne za kuikagua. Akinyamaza siku hizo zote, pesa inaachiwa yenyewe. Akikubali mapema, tovuti inaikalia siku tano zaidi, isije ikaibuka kesi, halafu ndipo inaonekana kwenye salio. Wao wanakata asilimia kumi.

Nilimwonea wivu, maana mimi nachomelea geti, nalifunga kwa mtu, halafu naanza kumtafuta mwenye geti kama nimepotelewa na mbuzi. Ningeipata tovuti ya kunishikia pesa ya mageti ningeibusu.

Sasa siku anafungua akaunti, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Palipotakiwa jina akaandika jina lake na la baba yake, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nikamwambia afute. Nilimuuliza kama baba yake ndiye anayenunua vocha za kuunganishia mtandao. Aweke jina la ukoo wangu, yeye ni mke wa mtu. Akaniangalia, akafuta, akaandika nilivyotaka. Nikaenda kazini nikijiona nimefanya jambo.

Niseme ukweli, ilikuwa ni kwa sababu ya mkwe wangu. Mzee alikuwa karani ofisini, anavaa kalamu mfukoni mpaka leo na amestaafu. Siku naenda kuposa aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamjibu, akawageukia ndugu zake akasema binti yake anaolewa na cheche. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini neno lile lilinikaa kooni miaka kumi na minne.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa ya dola mia tatu na ishirini. Kompyuta alikuwa amekodi kwa fundi mmoja wa barabara ya pili, tunamwita Waya kwa sababu ni mwembamba na mikono yake haitoki kwenye nyaya. Walikubaliana kwamba atalipa kodi ya wiki, na akipata pesa ya kazi ile, atainunua. Bei ilikuwa kama dola mia mbili na thelathini kwa pesa zetu.

Mke wangu alimaliza, akatuma, na Ijumaa moja asubuhi mteja akakubali. Tena akampa mkataba mwingine wa miezi mitatu, unaanza baada ya siku kumi, siku ya Jumatatu. Nikasikia hatua za mbio hadi karakana, nikadhani mtoto ameungua. Kumbe ni furaha. Aliniambia pesa itaonekana kwenye salio Jumatano.

Jioni hiyohiyo Waya akapita nyumbani. Amepata mtu wa kununua kompyuta, ana pesa taslimu. Akasema kwa kuwa Mama Pacha ndiye aliyetangulia, anampa mpaka Jumamosi ya wiki inayofuata, saa sita mchana. Baada ya hapo asimlaumu. Hakuwa na ubaya. Ana watoto naye.

Tukahesabu siku. Jumatano pesa inaonekana, Alhamisi iko kwenye simu, Jumamosi ni mbali. Mke wangu akasema hata hivyo aweke pochi ya simu leoleo, yaani namba ya simu ya kupokelea pesa, kwa sababu tovuti ikiandikiwa njia mpya ya kutolea pesa inaifungia siku tatu kwanza. Ni kwa usalama, ili mwizi akiingia kwenye akaunti ya mtu asiweze kuandika namba yake na kuondoka na pesa papo hapo. Siku hizo tatu ziende sambamba na zile tano. Ana akili yule mwanamke.

Akafungua ukurasa. Nikamwona ameacha kuandika.

Pale juu palikuwa na maneno ya maelezo, akanisomea: jina la mwenye pochi ya simu lazima liwe sawa na jina la mwenye akaunti. Laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa hiyo pochi yake ina jina la baba yake. Akaunti ina jina la ukoo wangu. Akasema ataomba tovuti irekebishe jina la akaunti lifuate kitambulisho, atatuma picha, watachukua siku moja au mbili, kisha ataweka pochi yake. Jumatano bado tutaiwahi.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikamwambia hakuna haja. Aweke namba yangu. Laini yangu ina jina la ukoo wangu, na akaunti ina jina la ukoo wangu, sasa shida iko wapi? Akasema majina ya kwanza hayafanani. Nikasema kompyuta za watu wale zinaangalia ukoo, kama mashuleni. Sijui hilo nililitoa wapi. Akasema, kwa upole, kwamba anaona si sawa. Nikamwambia pesa ni ya nyumba, kama ananiogopa kwa dola mia tatu aseme. Hilo la kuogopa nililijua litamkata maneno. Likamkata. Akaweka namba yangu, na palipotakiwa jina la mwenye pochi akaweka langu, akafunga kompyuta akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku tatu zikapita, namba yangu ikakubaliwa. Nikamwambia, unaona? Jumatano pesa ikaonekana kwenye salio: dola mia mbili themanini na nane, wakiwa wameshakata asilimia yao. Akabonyeza kutoa. Wakakata dola moja ya kutuma. Wakaandika kwamba itafika ndani ya siku moja.

Siku ile nilitembea na simu mfuko wa shati, si wa suruali. Ikitetemeka nazima mashine. Mara ya kwanza ilikuwa tangazo la bando. Mara ya pili tangazo la bando. Mara ya tatu mteja wa dirisha akiniuliza nimefikia wapi.

Alhamisi asubuhi nikiwa nakunywa chai, mke wangu akanigeuzia kioo cha kompyuta. Pesa imerudishwa kwenye salio, ile dola moja haikurudi. Sababu: jina la pochi halilingani na jina la akaunti. Chini yake, kwa herufi nyekundu, wameandika kwamba kutoa pesa kumesimamishwa mpaka mwenye akaunti athibitishe yeye ni nani, kwa kitambulisho na picha ya uso wake.

Nikauliza, "Sasa Jumamosi?"

"Jumamosi haipo," akasema. "Nikituma kitambulisho leo, jibu ni kesho jioni. Pochi yangu nikiweka kesho jioni, siku tatu, Jumatatu jioni. Pesa Jumanne. Kompyuta inaondoka Jumamosi na kazi inaanza Jumatatu. Piga hesabu mwenyewe."

Nikapiga. Haikutoka tofauti.

Nilitafuta njia nyingine haraka, kama mtu aliyeangusha funguo kwenye mtaro. Nikamwambia amwandikie mteja, amwombe amtumie pesa moja kwa moja kwenye namba yangu, hao wa tovuti waachwe na tovuti yao. Akaniambia pesa ya mteja ilishatoka kwake, iko kwa tovuti, haitalipwa mara mbili. Na kuomba kulipwa nje ya tovuti ni kosa la kufungiwa akaunti kabisa, meseji zinaangaliwa. Mkataba wa miezi mitatu nao ungekwenda na maji. Alipomaliza kusema hivyo nikajua kwamba kama ningekuwa nimeshika ile kompyuta peke yangu, ningekuwa nimeshaandika.

"Kinachotakiwa ni kimoja," akasema. "Jina la kwenye kitambulisho. Nalirudisha sasa hivi. Sikuombi ruhusa, nakuambia tu usije ukaliona ukanuna."

Nikasema kwa hiyo jina langu linatoka. Nilijua ni maneno ya kitoto wakati yanatoka mdomoni.

"Baba Pacha, jina lako watoto wanalo. Mimi hapa nataka kulipwa."

Akatoa kitambulisho kwenye pochi yake, ile ya ngozi. Akakiweka mezani kwenye mwanga wa dirisha, akakipiga picha mbele na nyuma. Kisha akajipiga picha ya uso, akigeuza kichwa kulia na kushoto kama simu inavyomwagiza. Akawaandikia barua fupi: akaunti iliandikwa jina la ndoa, kitambulisho kina jina la kuzaliwa, naomba lirekebishwe. Nilisimama pale na kikombe. Chai ilikuwa imepoa lakini sikujua pa kukiweka.

Nikaenda kwa Waya nikiwa na maneno yangu tayari. Kibanda chake ni chumba kimoja chenye kaunta ya kioo, na ndani ya kioo kuna simu zilizofunguliwa matumbo. Nikamweleza kwamba pesa ipo, imechelewa kidogo, ni mambo ya mtandao. Nikamwonyesha picha ya salio niliyoipiga kwa simu yangu.

Akaicheka. Akasema picha za salio analetewa kila wiki, nyingine zimechorwa hapohapo kwenye kiti nilichokalia. Halafu akaniuliza imechelewa kwa nini. Nikasema mambo ya mtandao. Akauliza mambo gani. Yule kijana ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano lakini anauliza kama daktari. Nikamwambia majina hayakulingana.

Akaweka bisibisi chini.

"Ulimwandikisha jina lako, shemeji?"

Nikaangalia zile simu za kwenye kioo.

"Wewe ni wa nne," akasema. "Wa nne mwaka huu. Mmoja alimwandikia mke wake jina la bibi yake, sijui hata alitaka nini. Wote wanakuja hapa wananiambia ni mambo ya mtandao."

Kuna mama alikuwa anasubiri kubadilishiwa kioo cha simu, naye akacheka. Nikawaacha wacheke, walikuwa na haki.

Kisha Waya akarudi kwenye biashara. Kompyuta alimpa Mama Pacha, hakunipa mimi. Kama kuna maongezi ya kuongeza siku, aje mwenyewe, afungue akaunti yake mbele yake, aone salio kwa macho. Kwa mdomo wangu hatoi hata saa moja.

Kurudi nyumbani kumwambia mke wangu kwamba nimekwenda na nimerudishwa ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba geti. Nilimwambia kila kitu, na la mtu wa nne nikamwambia. Hakucheka, ingawa niliona anavyojizuia. Akachukua kompyuta akaiweka kwenye mfuko, tukaondoka wote.

Kwa Waya alifungua akaunti. Akamwonyesha kazi iliyokubaliwa, salio, pesa iliyorudi na sababu yake, na mkataba mpya ambao mteja alishauwekea fungu la kwanza. Waya akasoma taratibu, akishuka na kidole. Akasema sasa ameona, na anajua pesa iliyofika hapo haipotei, ila inatembea pole. Lakini mnunuzi wake ana taslimu, na akimwambia asubiri atanunua kwingine. Pesa isipofika Jumanne, yeye atabaki na kompyuta na hasara. Anataka kitu cha kushika.

Mke wangu akaanza kusema habari ya kodi ya wiki nyingine. Waya akatikisa kichwa.

Nikasema nitaleta grenda.

Grenda ndiyo mashine yangu ya kukatia na kulainisha chuma. Fundi wa kuchomelea bila grenda ni mtu aliyevaa miwani nyeusi tu. Mke wangu akanigeukia akanikumbusha lile dirisha la watu, linatakiwa Jumatatu. Nikamwambia najua. Waya akauliza ni ya aina gani, nikamwambia, akasema niilete aisikie inavyolia.

Nilikwenda kuileta. Akaichomeka, ikalia vizuri, akaichomoa, akaiweka chini ya kaunta. Tukakubaliana mpaka Jumanne saa kumi jioni. Waya akampigia mnunuzi wake palepale mbele yetu, akamwambia kompyuta ina mwenyewe.

Ijumaa jioni, kabla pacha hawajarudi kutoka uwanjani, tovuti ikajibu. Jina limerekebishwa, kutoa pesa kumefunguliwa. Mke wangu akafuta namba yangu, akaweka yake, na zile siku tatu zikaanza upya. Hakunionyesha. Nilisikia tu anavyobonyeza.

Jumamosi, Jumapili na Jumatatu nilikata vyuma kwa msumeno wa mkono. Wanaojua wanajua. Mwenye dirisha alikuja Jumatatu, akakuta bado fremu tu, akanisema vizuri sana mbele za watu. Akauliza grenda iko wapi. Nikamwambia nimeiweka mahali. Akaniuliza kama nimeanza kunywa.

Nyumbani mkataba mpya ulikuwa umeanza. Nilimkuta amevaa visikilizio, anaandika, anarudisha nyuma, anaandika. Nikamletea chai nikaiweka mbali na kompyuta, kama alivyonifundisha. Saa moja kasoro akavivua, akaangalia tovuti, pochi yake imekubaliwa. Akatoa. Dola nyingine moja ikakatwa. Bei yao ya kubadilishia dola ilikuwa chini kidogo ya ile ya dukani, nikaanza kulalamika, akaniambia ile dola yangu ya Jumatano nayo niilalamikie.

Jumanne asubuhi simu yake ikaita mlio wa meseji wakati anawafunga pacha vifungo vya shati. Akamaliza vifungo kwanza. Halafu akasoma. Ilikuwa imefika: kiasi, namba ya muamala, na jina lake lote, pamoja na la mzee mwenye kalamu mfukoni. Akanipa simu niangalie. Niliisoma mara mbili. Nilitegemea nitahisi kitu, lakini nilichokihisi ni kwamba saa hizi nikikimbia naweza kupata grenda na kumaliza dirisha kabla ya jua kuwa kali.

Kwa Waya alimtumia pesa kutoka simu kwenda simu, simu yake ikalia, akasema Mama Pacha sasa kompyuta ni yako, ila betri usiiache kwenye umeme siku nzima. Akainama kunitolea grenda. Kisha akavuta kitabu cha risiti, akaniuliza mimi, kwa mazoea ya wanaume wa mtaani, aandike jina gani.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Akamuuliza. Mke wangu akamtajia majina mawili, akitaja polepole ili ayaandike sawasawa, na Waya akayaandika. Mimi nilikuwa nimeshaipakata grenda, nimesimama mlangoni namsubiri.

Njiani akasema fungu la kwanza la mkataba mpya litalipwa mwezi ujao, na safari hii hakuna cha kusubiri ila zile siku tano. Nikamuuliza atanunua nini. Akasema kiti. Mgongo unamuuma, lile benchi langu la chuma ni la kukalia wafungwa.

Nikamwambia nitamtengenezea kiti.

Akasema cha kununua.